Tupeane uzoefu: matone ya kahawia kabla ya hedhi, na sisi tunatafuta mtoto

Mama Mtarajiwa, Uyole
Kamwene wapendwa. Nina miaka 31, tunatafuta mtoto mwezi wa 10 sasa. Kila mzunguko naona matone ya kahawia siku nne, ndipo damu yenyewe ianze. Nilipima projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, siku ya 21 nikapata 1.2, nikaambiwa yai halikutoka. Lakini kipimo cha mkojo cha ovulesheni kilionyesha mistari miwili mizito siku ya 19. Nikihesabu toka siku ambayo yai lingetoka hadi matone, ni wiki moja tu. Nililia hadi mume wangu akaogopa. Nani amepitia haya?

Dada wa Tukuyu
Pole mpendwa. Ni upungufu wa projesteroni huo. Mimi nilipewa vidonge nikaanza siku ya 14 ya mzunguko, mwezi wa tatu nikashika mimba. Anza na wewe, usichelewe.

Nesi Mstaafu, Njombe
Mwanangu, kabla ya vidonge nijibu hili: siku ya kwanza unaihesabu toka matone, au toka damu ya kuvaa pedi?

Mama Mtarajiwa, Uyole
Toka matone, mama. Si ndiyo mwanzo wa hedhi?

Nesi Mstaafu, Njombe
Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka yenyewe, nyekundu, ya kuhitaji pedi. Matone ya kabla yake ni mkia wa mzunguko uliopita. Toa siku nne kwenye namba zako zote. Mistari yako ilikuwa siku ya 15, yai likatoka kama siku ya 16. Damu uliyoiita ya siku ya 21 ilichukuliwa siku ya 17, yaani siku moja tu baada ya yai. Siku hiyo projesteroni ndiyo kwanza inaanza kupanda, lazima isome chini kwa kila mwanamke. Ilitakiwa isubiri kama siku saba baada ya yai, kwako siku ya 23. Ile siku ya 21 inayotajwa kila mahali inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 anayetoa yai siku ya 14.
Mzunguko wako ni wa siku ngapi, damu hadi damu?

Mama Mtarajiwa, Uyole
27.

Nesi Mstaafu, Njombe
Basi toka siku ya 17 hadi ya 27 una siku 11, siyo 7. Wengi wetu tunaita nusu hii ya baada ya yai fupi ikiwa siku 10 au chini, na mzunguko mmoja wa namna hiyo humtokea hata asiye na tatizo. Wewe uko mpakani.
Dada wa Tukuyu, nafurahi ulipata mtoto, ila siku ya 14 isiwe mfano kwa wengine. Projesteroni ikimezwa kabla yai halijatoka inaweza kulizuia lisitoke. Huanzwa baada ya yai. Pia inaweza kuchelewesha hedhi, mtu akadhani ameshika mimba. Na kama inasaidia wanaotafuta mtoto kwa njia ya kawaida, madaktari wenyewe hawajakubaliana.

Mama Kichanga, Mafinga
Mimi yangu ilikuwa siku 8 kweli, nilipima joto la mwili kila alfajiri kabla ya kutoka blanketini (na baridi ya huku Juni, kutoka si rahisi!). Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minne, ananyonya usiku mara tatu. Daktari alisema kunyonyesha kunapandisha prolaktini, homoni ya maziwa, nayo inaweza kufupisha siku hizo. Nilipopunguza ya usiku ikafika 11.

Binti wa Soweto
Samahani, mimi nipo kwenye sindano ya miezi mitatu, natoka matone kila wiki. Nami nina siku fupi?

Nesi Mstaafu, Njombe
Hapana binti, sindano huzuia yai kutoka, kwa hiyo hesabu hii haikuhusu. Matone ni kawaida yake, ila yakizidi rudi walikokuchoma.

Mama Mtarajiwa, Uyole
Narudi baada ya wiki sita. Siku ya 23 nilipima tena: 13.8. Yai lilitoka! Lakini matone yamekuja vilevile, siku nne.

Nesi Mstaafu, Njombe
Basi tusiilaumu projesteroni peke yake. Kipimo kimoja hakisemi yote, maana hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Omba wakuangalie tezi ya shingo na prolaktini kwa damu, mlango wa kizazi kwa macho, na altrasaundi ya ukeni damu ikishakatika tu, ukuta wa ndani wa kizazi ukiwa mwembamba. Kinyama kidogo ndani ya kizazi huleta matone hayohayo. Hedhi inakuuma?

Mama Mtarajiwa, Uyole
Sana, mama, na wakati wa tendo pia. Sikuwahi kumwambia daktari, niliona aibu.

Nesi Mstaafu, Njombe
Mwambie hilo kwanza kabla ya yote. Matone ya siku kadhaa pamoja na maumivu hayo hutufanya tufikirie endometriosisi, yaani nyama kama za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake, na altrasaundi inaweza kuikosa.

Mama Mtarajiwa, Uyole
Altrasaundi ni Alhamisi, nimeandika yote kwenye karatasi. Mume wangu anakuja nami, naye atapimwa mbegu siku hiyohiyo.