Mshahara wa kwanza: makato yamenichanganya, naombeni ushauri

Mgeni_Kazini: Wakuu, nimefungua akaunti mwezi uliopita kwa ajili ya mshahara wangu wa kwanza. Tuchukulie ni 1,000 ili hesabu iwe nyepesi. Nilipanga kubakiza 100, nimebakiwa na 41. Hiyo 59 imeliwa na nini? Na nikitaka kuweka akiba nianzie wapi?

Babu_Hesabu: Hiyo ni kodi, kijana. Mwone mhasibu wako akupe karatasi ya mshahara.

Mgeni_Kazini: Hapana mzee wangu, 1,000 ndiyo iliyoingia baada ya kodi. Hii imepotea ndani ya akaunti.

Dada_Kaunta: Nimekaa kaunta ya benki miaka kadhaa. Chukua taarifa ya akaunti, usome mstari kwa mstari, kisha utuandikie.

Mgeni_Kazini: Nimeisoma. Ada ya mwezi 5. Nimetoa pesa mara tano kwenye ATM ya benki yangu, kila mara 3. Mara nne kwenye ATM ya benki nyingine, kila mara 8. Halafu kuna vimoja vimoja saba, "kuuliza salio". Kumbe hata kuchungulia kunalipiwa!

Dada_Kaunta: Basi 59 yako ndiyo hiyo: 5, 15, 32 na 7. Angalia, unalipia safari, si kiasi. Ukitoa 20 kwa ada ya 8, umeacha mlangoni sawa na 40% ya ulichotoa. Mwezi ujao toa mara mbili tu, kwenye mashine ya benki yako, na salio ulione kwenye ujumbe wa simu kama kwenu ni bure. Utakatwa 11.

Simba_wa_Akiba: Fungua akaunti ya akiba, haina makato na inatoa riba. Kwisha habari.

Dada_Kaunta: Nusu kweli. Nyingi hazina ada ya mwezi, lakini zipo zinazokata au kukunyima riba ukitoa mara kwa mara. Na riba ya 4% kwa mwaka juu ya 100 ni 4 mwaka mzima. Ukikutana na ada ya 1 tu kila mwezi, unarudi nyuma kwa 8. Omba orodha ya makato kabla ya kusaini.

Mama_Wawili: Mimi niliweka agizo la kudumu, 100 ihamie akiba kila tarehe 25. Mshahara ukachelewa hadi 27, akaunti ikakutwa tupu, agizo likagoma na nikatozwa faini juu. Nililia.

Dada_Kaunta: Pole dada. Ndiyo maana huwa nawaambia waweke siku tatu nne baada ya mshahara.

Mgeni_Kazini: Hiyo siku tatu nne naiogopa, pesa yangu haikai hata mbili. Ila kesho naenda kuomba hiyo orodha.

Simba_wa_Akiba: Mimi bado nasema yangu haikati. Ngoja niangalie taarifa.