Printa inakula karatasi kila nikichapa pande mbili, muuzaji ananikimbia na fundi anataka laki na themanini ya fyuza. Nimechoka!!

Kijana wa Msamvu:
Wakuu habari zenu, mimi leo nina hasira sana kwa hiyo mnisamehe kama nitaropoka. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, nilienda Kariakoo nikachukua printa ya leza inayochapa rangi nyeusi tu, jamaa wa duka akaniapia kwamba hii mashine ni ya kazi, inachapa pande mbili yenyewe bila wewe kugeuza, na inabeba karatasi hadi gramu 200. Hadi gramu 200! Mimi nikafurahi, maana kazi zangu ni mitihani ya shule na riport za wanafunzi wa vyuo, na majalada tunapiga kwenye manila.

Sasa njoo uone. Upande mmoja inachapa vizuri kabisa, hata rimu nzima inaisha bila shida. Ukiweka pande mbili tu, karatasi chache zinapita, halafu inalia kruu kruu inasimama, kioo kinaandika `Jam 2-sided`. Natoa trei, naichomoa karatasi imejikunja kona kama feni ya mkononi, narudisha, zinapita chache tena, kruu. Manila ndo kabisa, haipiti hata moja. Mwalimu mkuu amekaa kwenye kiti anasubiri mitihani ya darasa la saba, mimi nachomoa karatasi natoka jasho, mwisho nikaichapa yote upande mmoja kwa hasara yangu mwenyewe.

Nimempigia muuzaji anasema "boss hiyo ni karatasi zako", akakata. Fundi wa hapa mjini akaifungua huku na huku, akasema fyuza, ile sehemu ya moto inayogandisha tona kwenye karatasi, imekufa, lete laki na themanini. Hii printa bado haijamaliza hata waranti jamani! Hivi hawa watu wanatuonaje? Anayejua aniambie kama naibiwa, na asiyejua asinijazie uzi.

mama_neema:
Pole mdogo wangu. Hata mimi yangu inanisumbua, ile ya tangi la wino, inatoa mistari myeupe kwenye picha za pasipoti, nimeisafisha hedi mpaka wino umeisha. Wewe uliisafisha?

Kijana wa Msamvu:
Dada yangu asante ila hii ni ya leza, haina wino wala hedi. Shida yangu ni karatasi kukwama.

Chumvi Nyingi:
Mkuu hapo ni karatasi laini hizo za bei ya kutupa. Mimi nilikuwa na shida hiyohiyo nikahamia gramu 120, ngumu safi, hazijikunji. Karatasi ikiwa nzito ndo printa inaishika vizuri. Achana na fundi, nenda kanunue gramu 120 utanishukuru.

Rola Kuukuu:
Chumvi Nyingi uko sawa nusu. Kweli laini zinasumbua, lakini nzito sana nazo zinakwama palepale. Mkuu mwenye uzi, hiyo gramu 200 aliyokuambia muuzaji hakudanganya, ila alikuachia nusu ya maneno. Hiyo ni ya kulisha kwa mkono, upande mmoja, na mara nyingi unafungua mfuniko wa nyuma ili karatasi itoke moja kwa moja bila kupinda. Pande mbili ina kipimo chake peke yake. Fungua kitabu cha mashine sehemu ya karatasi, mashine nyingi za daraja hilo utakuta pande mbili ni gramu 60 hadi 105 basi. Manila ya 160 hata uibembeleze haipiti humo, inatakiwa ipinde kona kali mara mbili tatu. Majalada yako chapa upande mmoja, geuza kwa mkono, lisha tena.

Sasa hii ya karatasi za kawaida ndo inanivutia. Kabla hujampa mtu hela nijibu: karatasi ukiichomoa imeshachapwa ukurasa gani? Na kona iliyokunjika ni ya upande uleule kila mara au inabadilika?

Kijana wa Msamvu:
Ngoja niangalie kwenye dastibini, zipo nyingi tu humo 😡

Nimeziangalia mkuu. Karibu zote zina ukurasa wa 2 umechapwa, na upande wa pili mweupe kabisa, ukurasa wa 1 haupo. Na kona ni ya kulia ukisimama nyuma ya printa, zote kulia, isipokuwa moja mbili hivi ambazo zimejiviringisha ukingo mzima. Na maandishi yameshika vizuri, hata ukifuta kwa kidole hayatoki.

Rola Kuukuu:
Basi huyo fundi asikupeleke mbio. Mashine nyingi za leza zikichapa pande mbili zinaanza na ukurasa wa 2, halafu karatasi inachungulia kidogo juu pale inapotokea, rola zinageuza mzunguko, inavutwa kinyumenyume, inashuka nyuma kwenye mfuniko, inapita chini ya trei, inapanda tena mbele kuchapwa ukurasa wa 1. Yako imeshapita fyuza mara moja salama, tona imeiva, ikafia njiani wakati wa kurudi. Fyuza ingekuwa imekufa hata upande mmoja ungelia.

Na njia hiyo ya kurudi, ukuta wake mmoja NI mfuniko wa nyuma wenyewe. Ukiufungua utaona mbavu za plastiki kwa ndani, zile si urembo, ndo zinaiongoza karatasi ishuke. Ukiacha mwanya hata wa milimita mbili upande mmoja, ukingo wa karatasi unaingia kwenye mwanya badala ya kushuka, rola zinaendelea kusukuma, ndo unapata hiyo feni yako. Na upande mmoja haitaonekana shida kwa sababu karatasi haifiki huko.

Fanya hivi. Zima, acha ipoe kwanza maana hapo nyuma fyuza iko jirani, moto wake unakaribia nyuzi 200. Fungua mfuniko, mulika na tochi ya simu uone kama kuna kipande cha karatasi kilichochanika kimebaki. Funga kwa vidole gumba viwili, kona zote mbili kwa pamoja, usikilize mlio kulia na kushoto. Halafu chukua kipande cha karatasi jaribu kukipenyeza kwenye ungio, pande zote.

Mpenda Haki:
Lakini mfuniko ukiwa wazi si printa ingesema? Yangu ikiwa wazi kidogo tu inaandika pande mbili imezimwa.

Rola Kuukuu:
Inasema kama kile kijiti kinachobonyeza swichi hakijafika. Swichi huwa iko upande mmoja tu. Upande huo ukifunga vizuri mashine inaamini kila kitu kimefungwa, kumbe ule mwingine unapumua.

Na mkuu, kapime hizo karatasi. Usiamini kilichoandikwa kwenye rimu. A4 kumi na sita ndo mita moja ya mraba, kwa hiyo karatasi 100 za gramu 80 zina uzito wa gramu 500. Hesabu 100 kamili, peleka kwenye mzani wa duka la sukari.

Kijana wa Msamvu:
Aisee wakuu sijui nicheke au nilie.

Kwanza mzani. Rimu imeandikwa 80 kwa herufi kubwa kabisa, nimehesabu mia, muuza sukari kapima mbele yangu, gramu 380. Mia tatu na themanini! Nimepiga hesabu hiyo ni gramu 61 hivi. Nanunua 80 napewa 60, na hela natoa ya 80. Hawa wauza karatasi nao wana uzi wao unakuja.

Pili mfuniko. Kushoto umelia tik, kulia kimya. Kipande cha karatasi kulia kinazama mpaka ndani, kushoto hakiingii. Nimefungua nikamulika, kile kindoano cha kulia kimevunjika, kimebaki kisiki. Nani kavunja? Mimi huko nyuma sijawahi kufungua, nachomolea mbele kwenye trei siku zote. Fundi ndo aliyefungua huku na huku, lakini karatasi zilikuwa zinakwama kabla hata hajaja, kwa hiyo inawezekana ilitoka dukani hivihivi.

Nimeubana mfuniko kwa mkono nikachapa pande mbili karatasi ishirini za rimu nyingine, ya jirani yangu, nzuri, ile ukipima inafika gramu 490 na kitu kwa mia. Zote zimepita. Nikarudisha zile zangu za 60 nikiwa nimebana vilevile, zikapita nyingi, moja ikajiviringisha.

Rola Kuukuu:
Sasa hapo una magonjwa mawili. Zile za kona ya kulia ni mfuniko. Zile zilizojiviringisha ukingo mzima ni ulaini wa karatasi. Karatasi nyembamba ikipigwa moto inapoteza unyevu inajikunja, na upande wa pili inaingia njiani ikiwa imeshajikunja. Kwenye draiva badilisha aina ya karatasi kutoka `Plain Paper` weka `Thin`, joto linapungua, na kama kuna `Reduce Paper Curl` iwashe. Geuza pia rimu kwenye trei chini juu, mara nyingine inasaidia. Na usiache rimu wazi usiku kucha, karatasi inanyonya unyevu. Ila sikuahidi kwamba 60 itanyooka kabisa, iko ukingoni mwa kipimo.

Chumvi Nyingi:
Mbona mimi 120 inapita?

Rola Kuukuu:
Mashine yako ni gani, na unachapa pande mbili kwa draiva au unageuza kwa mkono?

Chumvi Nyingi:
Nageuza kwa mkono 😂

Mpenda Haki:
Mkuu piga gundi ya supagluu kwenye hicho kindoano, kazi iendelee.

Rola Kuukuu:
Supagluu hapo haidumu, joto na kuvutwa kila siku. Kwa dharura bandika selotepu pana kwa nje kona ya kulia, usizibe matundu ya hewa, na ukikwama tena uitoe ufungue, usichomoe kwa nguvu kupitia mbele. Dawa ni mfuniko mwingine.

Kijana wa Msamvu:
Nimempigia muuzaji tena nikamtumia na picha. Eti plastiki iliyovunjika haimo kwenye waranti, "ni matumizi ya mteja". Nikamuuliza matumizi gani wakati mfuniko wa nyuma sijawahi kuufungua, akasema nimpelekee mashine Dar kwa nauli yangu waiangalie. Fundi naye nimemwambia fyuza nzima, kanuna, bado anadai hela ya kuangalia. Simpi.

Kwa sasa nimebandika selotepu, na ile mitihani ya muhula inayokuja naichapia rimu ya jirani. Mwenye printa mbovu ya aina ya leza nyeusi yenye mfuniko wa nyuma mzima, hata kama ubao umeungua, aje inboksi tuongee bei. Nataka mfuniko tu.

mama_neema:
Mimi ninayo moja stoo lakini ni ya tangi la wino. Itafaa?