Naomba ushauri: jaribio la bluu za Kirusi linathibitisha nini hasa?

Wakuu, naandaa tasnifu kuhusu lugha na fikra, nimekwama kwenye jaribio la Winawer na wenzake la mwaka 2007.

Kirusi hugawa bluu mara mbili: iliyokolea ni siniy, iliyofifia ni goluboy. Mshiriki anaoneshwa miraba mitatu, mmoja juu na miwili chini, kisha abonyeze upesi ule wa chini unaolingana kabisa na wa juu. Warusi walikuwa wepesi zaidi pale mraba usiolingana ulipoangukia ng'ambo ya mpaka wa maneno hayo. Wazungumzaji wa Kiingereza hawakuonesha tofauti hiyo.

Kinachonisumbua ni kwamba Warusi walipotakiwa kukariri kimoyomoyo mfuatano wa tarakimu huku wakichagua, wepesi ule ulitoweka. Walipopewa mchoro wa kukumbuka badala ya tarakimu, ulibaki. Kwa maoni yangu, basi, lugha haijabadilisha jicho. Neno linaingilia wakati wa kuamua tu, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde. Msimamizi wangu anasema hiyo tayari ni fikra kuundwa na lugha. (Hatujagombana, bado.)

Nataka kulirudia kwa watu wanaozungumza Kirusi na Kiingereza. Winawer na wenzake walimpimia kila mshiriki mpaka wake wa rangi. Je, nami nifanye hivyo kabla ya jaribio, au baada, ili maneno yasiwe yameshaamshwa? Na nitahakikishaje kuwa tarakimu na mchoro vina ugumu sawa?