Nimeandika barua ya kuacha kazi, bado wananiita kwenye kikao cha nidhamu

Wakuu, naombeni ushauri. Ni mtunza stoo hapa Dar, nalipwa kwa mwezi. Machi 3 nilisimamishwa kupisha uchunguzi wa mifuko 40 ya saruji iliyopotea (sikuichukua mimi). Machi 10 nikapeleka barua ya kuacha kazi kwa notisi ya siku 28, wakaipokea na kugonga muhuri. Leo tarehe 20 jioni nimeletewa hati ya tuhuma, kikao keshokutwa asubuhi, hata saa 48 hazitimii. Shemeji anasema notisi haijaisha, kwa hiyo bado ni mwajiriwa wao na wana haki ya kuniita. Je, nikiwalipa siku zilizobaki, mamlaka yao yanakoma? Na nisipokwenda, wanaweza kunisikiliza bila mimi kuwepo, waandike nimeachishwa?