Naomba ushauri: hii ni parodi au kejeli?

Habari zenu wakuu. Naandika vichekesho vya jarida letu la mtaa hapa Umoja, Nairobi. Nimetunga tangazo hili la maji:

“Wateja wapendwa, maji yatakuwepo Jumanne, saa nane hadi saa tisa usiku. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaoletwa na maji hayo.”

Mhariri anasema ni parodi tu, kwa kuwa nimeiga lugha ya ofisi. Mimi naona parodi inaucheka mtindo wenyewe: ule “wapendwa” wa mtu asiyekupenda, na radhi zinazoombwa kwa mazoea. Kejeli inalenga tendo, yaani mfereji kukauka hadi maji yakija yanakuwa ndiyo usumbufu. Nilijaribu kuiondoa sauti ya ofisi: “Maji yalitoka kwa Mama Otis, majirani wakampa pole.” Uchungu ulibaki, lakini ofisi ikaponyoka, haionekani popote.

Sasa nimekwama. Nikizidisha maneno ya kiofisi, wasomaji watacheka lugha na kusahau mitungi. Nikiyapunguza, hawatajua nani anasemwa. Ninyi mngekata wapi? Au niongeze sentensi ya bili iliyokuja kwa wakati?