Mrejesho: muhtasari wa mkataba wa ubia wa samaki, Kisumu

Niliuliza: "Mshirika wangu hasomi kurasa nyingi. Nimfupishieje mkataba wetu wa ubia bila kumficha kitu?"

Ahsanteni. Mama mshirika amesoma, na tumetia sahihi.

Kilichosaidia zaidi ni kuandika kwa shilingi, na namba ya kifungu kando. Yeye ametoa 1,200,000 taslimu, mimi gari la barafu lililothaminiwa 800,000. Hisa ni 60 kwa 40. Faida ikiwa 500,000, asilimia 20 inabaki kama akiba, na zile 400,000 anachukua 240,000, mimi 160,000.

Kwenye uongozi aliniuliza, "Mwanangu, si mimi nina nyingi, basi neno langu ndilo la mwisho?" Kwa mambo ya kila siku, ndiyo. Kukopa, kuuza gari au kuingiza mshirika mpya kunahitaji sahihi zetu wote wawili. Hilo niliandika kwa herufi nzito, maana hapo ndipo asilimia humdanganya mtu.

Kifungu cha kutoka ndicho kilichoturudisha kwa wakili. Kilisema anayetoka ampe mwenzake nafasi ya kwanza kununua hisa, lakini hakikutaja bei itapatikanaje, wala kama gari linanirudia. Sasa kimeandikwa: mhasibu huru anathamini, malipo ni kwa awamu ndani ya mwaka, na gari ni mali ya ubia. Logibuku tunaihamisha NTSA wiki hii.