Matokeo 8 ya su, kutoka 39 hadi 85: niandike namba gani kwenye hesabu ya msingi?

KitakoMraba

Habari zenu wakuu. Nina ripoti ya udongo mezani na nimekwama kwenye namba moja tu. Eneo lote ni udongo wa mfinyanzi. Yamechimbwa mashimo mawili ya uchunguzi, na maabara imepima su, yaani nguvu ya mfinyanzi kabla maji hayajatoka, kwa jaribio la haraka la traiaksia, maji hayaruhusiwi kutoka. Matokeo ni haya, kina kwa mita kisha su kwa kilopaskali:

```
2   41
3   52
4   48
5   63
6   39
7   74
8   70
9   85
```

Nguzo zitakaa kwenye vitako vya mraba vya mita 2, kitako kikiwa mita 1.5 chini ya ardhi. Nasanifu kwa Eurocode 7, kwa hiyo nahitaji thamani bainifu ya su. Wastani ni 59, mkengeuko sanifu 16.6. Mwenzangu ofisini anasema nichukue 59, mwingine anasema 39. Tofauti hiyo inabadilisha ukubwa wa kitako kabisa. Nyie mngefanyaje?

Saruji_Nzito

Chukua 39, lala usingizi. Udongo hauna huruma, na jengo likipasuka hakuna atakayekuuliza wastani ulikuwa ngapi.

Namba_za_Ardhi

Hapana, ya chini kabisa si njia. Ipo kanuni rahisi inayotumika sana: wastani kutoa nusu ya mkengeuko sanifu. 59 kutoa 8.3 unapata kama 51. Ukitaka kuwa rasmi zaidi, tumia jedwali la Student kwa uhakika wa asilimia 95 juu ya wastani. Una sampuli 8, t ni 1.895, gawanya kwa kipeo cha pili cha 8, zidisha kwa 16.6, unatoa 11. Jibu 48. Andika 48, taja njia uliyotumia, maliza.

Mpima_Lami

Mimi niko upande wa barabara. Kwetu CBR, yaani kipimo cha uwezo wa udongo wa chini kubeba barabara, tunapanga matokeo kwa mstari, tunachukua ile ambayo ni asilimia 10 tu ya matokeo yako chini yake. Kwa nini usifanye hivyo hivyo? Kwa matokeo 8 unaangukia karibu na 39 au 41. Kwa hiyo Saruji hayuko mbali.

Bi_Mfinyanzi

Nimesoma majibu yote. Kabla ya kugusa fomula yoyote, weka hizo namba kwenye grafu, kina upande mmoja, su upande mwingine. Utaona kitu ambacho wastani wa 59 umekificha: su inapanda kadiri unavyoshuka. Karibu na juu ni arobaini na kitu, chini kabisa ni 85. Sehemu kubwa ya ule mkengeuko wa 16.6 si utawanyiko wa udongo, ni mwelekeo tu. Ukichanganya mita 2 na mita 9 kwenye kapu moja, unapata wastani wa udongo ambao kitako chako hakiugusi.

Sasa jiulize kitako kinavunja udongo wapi. Kwa mfinyanzi usiotoa maji, uso wa kuteleza chini ya kitako unashuka kama 0.7 ya upana wake. Upana wako ni mita 2, basi ni kama mita 1.4 chini ya kitako. Yaani kati ya mita 1.5 na takriban 3 kutoka juu ya ardhi, katikati yake kama 2.25. Hapo ndipo unapotaka kujua su. Ile 85 ya mita 9 haina kazi yoyote hapo isipokuwa kukusaidia kuchora mstari.

Kwa hiyo 48 ya Namba_za_Ardhi, pamoja na hesabu yake safi, iko upande wa hatari kwa kazi hii. Hesabu ni sahihi, swali ndilo lililokosewa.

Mpima_Lami, kwenu mnafanya sawa kwa sababu yenu. Kila mita ya barabara inabebwa na udongo wake mwenyewe. Penye udhaifu pataanza shimo hata kama pembeni ni pagumu. Uso wa kuteleza chini ya kitako unapita kwenye udongo mwingi kwa pamoja, kipande dhaifu kinasaidiwa na kigumu. Ndiyo maana hapa tunatafuta wastani wa eneo hilo uliokadiriwa kwa tahadhari, si kipande kibaya kuliko vyote.

KitakoMraba

Nimechora grafu, kweli inapanda. Lakini 39 ya mita 6 imekaa peke yake mbali na wenzake. Nikipitisha mstari kwa Excel niiweke au niitoe?

Bi_Mfinyanzi

Fanya zote mbili uone. Kina kiwe safu A, su safu B:

```
=FORECAST(2.25,B2:B9,A2:A9)
=STEYX(B2:B9,A2:A9)
```

Nimefanya hapa. Ukiweka matokeo yote 8, mstari kwa mita 2.25 unatoa 41.5, na utawanyiko kuzunguka mstari ni 10.9. Ukitoa ile ya mita 6, mstari unatoa karibu 44 na utawanyiko unashuka hadi 5. Tokeo moja tu limeongeza utawanyiko zaidi ya mara mbili.

Kisha unakata kwa ajili ya uhakika wa asilimia 95. Kwenye mstari, kiasi cha kukata kinaongezeka kadiri unavyokwenda mbali na katikati ya data, na wewe uko karibu na mwisho wa juu. Kiasi hicho ni:

```
t * s * SQRT(1/n + (z - zm)^2 / Szz)
```

s ni ule utawanyiko kuzunguka mstari, n ni idadi ya matokeo, z ni kina chako, zm ni wastani wa vina, Szz ni jumla ya miraba ya tofauti zao na wastani huo, na t soma kwa n kutoa 2. Kwa matokeo 7 unakata kama 6, unabaki na 38. Kwa yote 8 unakata 13, unabaki na 28 na kidogo.

Angalia hilo la pili vizuri. Sampuli ya mita 6, ambayo iko nje kabisa ya eneo linalovunjika, imeshusha nguvu ya udongo wa mita 2 kwa karibu 10. Huo si ukweli wa udongo, ni tabia ya fomula, inayodhani utawanyiko ni mmoja kila mahali. Mimi ningeandika 38, na ningeeleza kwa nini. Lakini sitoi namba kwa sababu tu haipendezi kwenye grafu, kwa hiyo swali la mita 6 bado lipo.

Saruji_Nzito

Haya! 38 na 39. Mmezunguka mlima mzima kuja kwangu.

Bi_Mfinyanzi

Mmekutana njiani tu, kaka. Mwongeze mwenye mradi sampuli 20 zaidi, kwa njia yako ya kuchukua ya chini kabisa namba itashuka au kubaki palepale, haiwezi kupanda. Yaani anayepima zaidi anaadhibiwa. Na angekuwa anasanifu nguzo za kuchimbia hadi mita 9, ungempa 39 kwa udongo ambao majirani wake wamepima 70 na zaidi.

Jambo jingine, hiyo 38 haijamaliza kazi. Kwenye njia za Eurocode 7 zinazopunguza nguvu ya udongo yenyewe, su bado inagawanywa kwa 1.4. Ukichukua namba ya woga halafu ukaigawanya tena, unalipia tahadhari ileile mara mbili.

Namba_za_Ardhi

Nakubali kuhusu mwelekeo, sikuchora. Ila hiyo kutoa tokeo moja nayo ni siasa. Takwimu inasema weka yote.

Bi_Mfinyanzi

Takwimu haijui sampuli ilitokaje ardhini. KitakoMraba, fungua karatasi ya maabara ya sampuli ya mita 6. Linganisha kiasi cha maji na majirani wa mita 5 na 7. Tazama mkunjo wa mkazo: kama unapanda polepole bila kilele na kuvunjika kumekuja kwa mbonyeo mkubwa, sampuli huenda ilivurugwa wakati wa kuitoa kwenye bomba. Kama imevunjika mapema, kwa mbonyeo mdogo, kwenye uso mmoja ulionyooka, hiyo ni habari nyingine kabisa.

KitakoMraba

Maji ni yaleyale, tofauti haifiki hata asilimia 2. Imevunjika mapema. Na fundi wa maabara ameandika "uso laini unaong'aa, mwinamo kama nyuzi 50". Mashimo yote mawili maelezo yanasema "mfinyanzi mgumu wa kahawia", nyufa hazijatajwa.

Bi_Mfinyanzi

Basi usiitupe. Uso unaong'aa ni ufa wa zamani, udongo ulishateleza hapo kabla ya fundi kuugusa. Hiyo 39 inaweza kuwa ndiyo sampuli pekee iliyokutana na ufa uliolala kwa pembe mbaya, na zile 7 nzuri zimepona kwa sababu ni ndogo. Sampuli zako zina kipenyo gani?

KitakoMraba

Milimita 38.

Bi_Mfinyanzi

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo sasa. Kwenye mfinyanzi wenye nyufa, sampuli ya 38 inaweza kupita katikati ya nyufa bila kuzigusa, ikakupa nguvu ya bonge zima badala ya nguvu ya ardhi. Kitako cha mita 2 hakiwezi kukwepa. Hapo takwimu haikuokoi, kwa sababu matokeo yote yameinamia upande mmoja, na ukiongeza idadi yake unazidi tu kuwa na uhakika wa namba isiyo sahihi.

Ungekuwa na nyufa mita 6 tu, 38 ingesimama. Kama zipo hadi mita 2, siwezi kuitetea.

Mpima_Lami

Si achimbe shimo la wazi aangalie kwa macho? Mita 3 kwa ekskaveta ni asubuhi moja.

Bi_Mfinyanzi

Ndiyo, na akiwa hapo akate mabonge makubwa kwa mkono kwenye mita 2 na 2.5, yapimwe kwa kipenyo cha milimita 100. Asiingie shimoni bila kuegemeza kuta, hasa kama kweli kuna nyufa. Ataona pia udongo wa kati ya 1.5 na 2, ambao hakuna aliyeupima.

Saruji_Nzito

Na mwenye mradi akigoma kulipia shimo?

Namba_za_Ardhi

Mimi ningeshuka hadi 28 ya matokeo yote 8 na kumwonyesha kitako kinakuwa kikubwa kiasi gani. Huenda akalipia.

Bi_Mfinyanzi

Kama njia ya kumshawishi, sawa. Kama thamani bainifu, 28 imepatikana kwa bahati ya fomula, sijui kama nyufa zinashusha hadi 28 au hadi 20. Sitaiwekea sahihi.

KitakoMraba

Nimeomba shimo. Ekskaveta ipo kwenye eneo kwa kazi nyingine, kwa hiyo hajakataa. Nitaweka picha za kuta hapa zikipatikana.